Uzi: Mwenge unawasha sakafu vizuri ila mhusika anabaki giza, nomo mapu za spraiti kwenye Godot 4

MchoraPikseli aliandika:

Wakuu habari za jioni. Natengeneza gemu ya 2D, kamera iko juu kwa mshazari, mtoto anatembea usiku kwenye vichochoro kama vya Mji Mkongwe, ukutani kuna mienge na yeye mwenyewe mkononi kabeba kandili. Natumia Godot 4. Giza la usiku nimeliweka kwa CanvasModulate, kila mwenge ni PointLight2D na mpaka hapo kila kitu kilikuwa kizuri, sakafu inawaka duara la rangi ya chungwa safi kabisa. Shida imeanza nilipomwekea mtoto nomo mapu, ile picha ya rangi inayoiambia injini kila pikseli imeinamia upande gani, kupitia CanvasTexture. Sasa hivi akisogea karibu na mwenge mwili wake wote unakuwa giza, kinachowaka ni ukingo tu, mstari mwembamba pembeni. Halafu ajabu nyingine, akisimama chini ya mwenge yaani mwenge uko juu yake kwenye skrini, kichwa kina giza ila ukingo wa miguu ndio unang'aa. Nimepandisha Energy mpaka 3, sakafu imeungua nyeupe lakini mtoto bado yuko vilevile. Spraiti ni pikseli 32 kwa 48, nomo mapu nimeitoa kwa programu ya Laigter. Nakosea wapi?

KibandaGemu alijibu:

Mkuu hapo kuna mawili. Kwanza chaneli ya kijani ya nomo mapu yako imegeuka, hilo nina uhakika nalo kwa sababu juu na chini vimebadilishana, nenda Laigter ugeuze mhimili wa Y ueksipoti upya. Pili giza lako limezidi, hiyo CanvasModulate ipandishe iwe nyeupe kidogo halafu Energy weka hata 5 mwili utaonekana tu.

FundiKandili alijibu:

KibandaGemu la kijani umelipiga palepale, la pili hapana. Akipandisha Energy hata 50 mtoto hatawaka, ngoja nieleze maana hili linawapata wengi.

MchoraPikseli fungua PointLight2D ya mwenge, angalia kitu kinaitwa Height. Nina hakika kiko 0 kwa sababu ndivyo kinavyokuja. Height ndiyo inasema taa imeinuka pikseli ngapi kutoka kwenye skrini kuja kwako wewe unayetazama, na inatumika kwenye hesabu za nomo mapu tu. Ikiwa 0 maana yake mwenge umelala bapa juu ya karatasi ileile ambayo mtoto kachorwa, kwa hiyo miali inapita sambamba na kifua chake, haimgusi popote isipokuwa kwenye pikseli zilizoinama kuelekea ubavuni. Ndiyo huo mstari mwembamba unaouona. Pikseli inayokutazama wewe moja kwa moja, ile ya rangi 128,128,255, inapata sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa Energy 3 ni sifuri.

Sakafu inawaka kwa sababu haina nomo mapu. Kitu kisicho na nomo mapu Godot haikipigii hiyo hesabu ya mwelekeo kabisa, inakimwagia mwanga wote kama ulivyo kwenye tekisicha ya taa. Ndo maana ulipopandisha Energy ikaungua sakafu peke yake. Sasa hivi una vitu viwili kwenye chumba kimoja vinavyofuata sheria mbili tofauti za mwanga.

Uso bapa unapata hivi:

```
mwanga = height / sqrt(height*height + umbali*umbali)
```

Chukua mtoto amesimama pikseli 60 kulia kwa mwenge. Tuangalie sehemu tatu za uso wake: paji la uso linalokutazama wewe, shavu la upande wa mwenge lililoinama nyuzi 45, na shavu la upande wa pili nalo nyuzi 45. Ukiweka Height 20 paji linapata 0.32, shavu la karibu 0.89, shavu la mbali 0. Hiyo ni sura kali sana ya kutisha, nusu uso umemezwa. Height 60, paji 0.71, shavu la karibu 1, la mbali bado 0 ila sasa mtu anatambulika. Height 200, paji 0.96, shavu la karibu 0.88, la mbali 0.47, hapo kila kitu kimewaka karibu sawasawa na ile kazi yote ya nomo mapu imepotea. Kama unataka kuliona kwa macho yako zima taa chumbani, bandika tochi ya simu ubavuni mwa ukuta uone kila ufa na kila tuta la lipu linavyojitokeza, halafu rudi nyuma uumulike ukuta kwa mbele, unakuwa bapa.

Kwa spraiti yako ya 32 kwa 48 anza na Height 40 mpaka 60 kwa mienge ya ukutani, rudisha Energy kwenye 1.2 hivi, ndipo urekebishe kwa jicho. Na sakafu nayo ipe nomo mapu hata ya mawe mepesi tu ili zote zifuate sheria moja.

MchoraPikseli aliandika:

Daah mkuu Height ilikuwa 0 kweli. Nimeweka 50, nimegeuza kijani na mtoto kawaka, akizunguka mwenge mwanga unahama begani mpaka mgongoni, nimekaa namzungusha tu. Ila sasa nimewasha vivuli, nimemwekea LightOccluder2D yenye poligoni inayofuata umbo lake lote, kivuli sakafuni kinatoka lakini yeye mwenyewe amekuwa mweusi tena. Na kandili yake ya mkononi ndo kabisa, nikiwasha Shadow dunia nzima inazimika.

SeleWaUnity alijibu:

Mimi natumia Unity na yangu haijibu kabisa, nomo mapu nimeiweka kwenye Secondary Textures kwa jina `_NormalMap` kama inavyotakiwa, Light 2D ipo, lakini spraiti inawaka bapa tu kama haina kitu. Hiyo Height siioni popote. Nishushe Godot?

FundiKandili alijibu:

Sele usihame injini kwa ajili ya hilo. Kwenye Light 2D yenyewe teremka mpaka sehemu ya Normal Maps, pale Quality inakuja ikiwa Disabled. Weka Fast au Accurate, chini yake itatokea Distance, hiyo ndiyo kaka yake Height. Ila kumbuka inahesabu kwa yuniti za Unity siyo pikseli, kwa hiyo namba nilizotoa juu usizichukue kama zilivyo.

MchoraPikseli, poligoni ikifunika mwili mzima kivuli kinaanzia kwenye ukingo wa mbele ulio upande wa taa, kwa hiyo mwili wenyewe uko ndani ya kivuli chake. Kwa kamera yako ya mshazari kinachozuia mwanga sakafuni ni nyayo, siyo kichwa, maana kichwa kwenye skrini kiko juu lakini kwenye dunia ya gemu kiko palepale miguu ilipo. Futa hiyo poligoni, chora duaradufu ndogo miguuni, upana pikseli 14 na urefu 6 hivi inatosha. Kivuli kitatoka kwenye nyayo na mwili utabaki unawaka. Kwa kuta ni tofauti kidogo, pale unataka uso wa ukuta uendelee kuwaka halafu nyuma yake ndo kuwe giza, basi nenda kwenye OccluderPolygon2D ubadilishe Cull Mode, jaribu Clockwise ikikataa CounterClockwise, inategemea ulichora poligoni ukizunguka upande gani. Hiyo inafanya ukingo wa upande mmoja tu ndio utoe kivuli.

Kandili kuzima dunia ni kwa sababu taa yenyewe imekaa ndani ya poligoni ya mtoto, imezungukwa pande zote, mwanga hautoki. Poligoni ya mtoto mpe `occluder_light_mask` ya tabaka la 2, kuta ziache tabaka la 1. Kandili kwenye `shadow_item_cull_mask` weka 1 peke yake, mienge ya ukutani weka 1 na 2. Hivyo kandili inaona kuta tu, na mienge inamuona na mtoto pia.

NyotaMchoraji aliandika:

Naomba niongeze upande wa kuchora maana mnaongelea injini tu na nomo mapu yenyewe ikiwa mbovu hakuna setingi itakayoiokoa. Mimi kazi yangu ni kuchora wahusika. Laigter ukiipa spraiti yenye rangi zake inasoma weupe na weusi kana kwamba ni mwinuko, inadhani cheupe kimetokeza na cheusi kimezama. Sasa mchukue mama aliyejifunga kanga, yale maua meupe ya kanga yanageuka vipele tumboni, nywele nyeusi zinakuwa shimo, macho meupe yanatokeza kama gololi. Mwenge ukipita ndo unaona kitambaa kizima kinachemka.

Ninachofanya, natengeneza lea nyingine ya kijivu peke yake, sichori rangi za nguo, nachora umbo la mwili. Tumbo na pua ni kijivu cheupe kwa sababu viko mbele, pembeni mwa mikono kijivu kinakolea, mkunjo wa kanga mstari mmoja mweusi. Hiyo ndo naipa Laigter, halafu kinachotoka nakisafisha kwa mkono kwenye Aseprite, kwenye gurudumu la rangi kuna hali ya nomo mapu ambapo ukichagua upande unakupa rangi ya upande huo moja kwa moja. Kwa spraiti ndogo ya 32 mimi situmii zaidi ya pande tisa, mbele na nane za kuzunguka, mlainisho mwingi kwenye pikseli kubwa unaleta matope.

Na spraiti yenyewe ya rangi ondoeni ule mwanga wa juu kushoto tuliofundishwa sote kuchora. Ukiuacha, mwenge ukija kutoka kulia bega la kushoto bado linang'aa na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Acha rangi ya kitu na weusi wa kwenye mikunjo ambako mwanga haufiki kutoka popote, basi.

MchoraPikseli aliandika:

NyotaMchoraji asante sana dada, kumbe ndo maana kofia ya mtoto ilikuwa inaonekana imebonyea, ina tarizi nyeusi. Nina swali la buibui. Kuna mama kavaa buibui jeusi, hata akisimama kifuani mwa mwenge hawaki kabisa, anaonekana kama tundu lililokatwa kwenye skrini. Nomo mapu yake nimeikagua iko sawa.

NyotaMchoraji alijibu:

Umechora na #000000? Mwanga unazidishwa na rangi ya pikseli, nyeusi kabisa ni sifuri kwa hiyo haiwezi kupokea kitu. Chora na kitu kama #24222e, kwenye giza la usiku macho bado yataliona jeusi lakini mwenge ukipita mikunjo itapata wekundu kidogo.

FundiKandili alijibu:

Hapo ndipo mahali pekee ambapo ningeweka na tekisicha ya spekula kwenye CanvasTexture. Buibui la kitambaa cha kung'aa lina mistari ya mng'ao kwenye mikunjo, na spekula inaongezwa juu, haizidishwi na weusi wa nguo. Chora mistari michache ya kijivu kwenye `specular_texture`, kwingine kote acha nyeusi. Ukiiwasha mwili mzima mama atageuka plastiki.

mpendaretro aliandika:

Nimesoma uzi wote na kusema kweli siafiki. Sanaa ya pikseli uzuri wake ni kwamba kila pikseli kaiweka mtu kwa makusudi, rangi zake zimehesabiwa. Ukileta nomo mapu unapata rangi mamia ambazo hakuna aliyezichagua, na mhusika anaanza kufanana na kinyago cha 3D kilichopigwa picha. Mbona gemu za zamani zilikuwa na mienge na zilitisha bila hivi vyote? Duara la mwanga lenye ngazi tatu kali, rangi ya giza iliyochaguliwa vizuri, imetosha.

NyotaMchoraji alijibu:

Mpendaretro kwa spraiti ya 16 kwa 16 nakubaliana na wewe kabisa, pale sura nzima ni pikseli nne, nomo mapu haina cha kuonyesha. Lakini Dead Cells nayo ni pikseli na nomo mapu zimo, wale walitengeneza wahusika kwa 3D wakatoa fremu za pikseli pamoja na nomo mapu zake kwa mpigo, ndo maana taa zinashika mwili vile. Inategemea unataka sura gani.

KibandaGemu alijibu:

Na mtu anaweza kuweka shada, ile programu ndogo inayopaka rangi kila pikseli, ikate mwanga kwa ngazi badala ya kuuacha uteleze. Unapata nomo mapu na rangi chache kwa pamoja.

mpendaretro aliandika:

Hiyo ya ngazi naikubali zaidi. Ila hata ngazi, mhusika akitembea ngazi zinatambaa mwilini kila fremu. Kwenye picha iliyosimama ni tamu, kwenye mwendo jicho langu linakataa.

MchoraPikseli aliandika:

Mpendaretro nimekuelewa lakini mimi natazama ule mwanga ukihama begani kwa mtoto na ndo gemu yangu yote ilipo, kuna mahali inabidi mchezaji ajue adui kabeba mwenge anakuja kutoka upande gani kwa kuona mgongo wa mtoto umeanza kuwaka tu. Nabaki nayo.

Nisaidieni mawili nimalize. Mwenge wangu unacheza kama taa ya disko, natumia `randf()` kila fremu. Na kwenye simu ya mdogo wangu, Androidi ya bei ya chini, sokoni ambako kuna mienge mingi gemu inakwama halafu baadhi ya mienge haiwashi sakafu, inawaka na kuzimika nikitembea.

FundiKandili alijibu:

Moto haubadiliki mara 60 kwa sekunde bila mpangilio, unapanda na kushuka kwa kuunganika. Tumia kelele laini, yaani namba za bahati nasibu zinazopanda na kushuka taratibu:

```gdscript
extends PointLight2D

var kelele := FastNoiseLite.new()
var muda := 0.0

func _ready() -> void:
    kelele.seed = randi()
    kelele.frequency = 1.0

func _process(delta: float) -> void:
    muda += delta * 4.0
    energy = 1.1 + kelele.get_noise_1d(muda) * 0.2
```

Kila mwenge unapata mbegu yake kwa hiyo mienge haiyumbi kwa pamoja. Kandili yenye kioo punguza hiyo 4.0 iwe 1.5 na 0.2 iwe 0.08, moto wa ndani ya kioo haupigwi upepo. Ukitaka vivuli navyo vitetemeke sogeza `position` ya taa pikseli moja huku na huku kwa kelele hiyohiyo, zaidi ya hapo kuta nzima zitaonekana zinacheza. Na rangi, CanvasModulate usiifanye kijivu, iweke bluu iliyokolea kama #2a3050 halafu mwenge #ffb060. Giza la kijivu linafanya picha ionekane imefifia tu, la bluu ndilo linafanya chungwa la moto lionekane la moto. Maandishi ya alama na maisha yahamishie kwenye CanvasLayer yake ili giza lisiyaguse.

Ya simu, kwanza niambie sakafu ya soko ni picha moja kubwa?

MchoraPikseli aliandika:

Ndiyo mkuu, soko zima nimelichora picha moja, Sprite2D moja.

FundiKandili alijibu:

Basi ndiyo hiyo. Kitu kimoja kinachochorwa kina kikomo cha taa zinazoweza kukigusa, ukipita kama 15 zinazozidi zinaachwa, na kila ukitembea zinazoachwa zinabadilika, ndo unaona zinawaka na kuzimika. Ikate sakafu vipande, au itengeneze kwa TileMapLayer ambayo yenyewe inachora kwa mafungu, kila kipande kitabeba taa zake chache.

Kukwama ni vivuli. Kila taa yenye Shadow inachora upya poligoni zote zilizo ndani ya eneo lake. Sokoni waachie kivuli mienge miwili mitatu iliyo karibu na mtoto, mingine zima Shadow ibaki mwanga tu, hakuna mchezaji atakayegundua. Kwenye Shadow Filter weka None, kwa pikseli ukingo mkali unapendeza zaidi na ni rahisi kwa simu, PCF13 iache kabisa. Na tekisicha ya taa isiwe kubwa kuliko duara linaloonekana, ile sehemu nyeusi ya pembeni nayo simu inaihesabu pikseli kwa pikseli.

MchoraPikseli aliandika:

Nimeikata sakafu vipande, mienge yote inawaka sasa hata kwenye simu. Vivuli nitavipunguza usiku huu.

Limebaki moja linalonisumbua. Mtoto akisimama mbele kabisa ya ukuta wenye mwenge, ule mwali kwenye skrini unaangukia usawa wa kiuno chake, basi kichwa kinawaka kutokea chini na kidevu kinang'aa, kama mtu aliyeshika moto chini ya uso. Mwenge wenyewe uko juu ya kichwa chake kihalisia.

FundiKandili alijibu:

Hicho ni kikomo cha njia yenyewe, siyo kosa lako. Injini inaona mhimili wa Y mmoja tu, kwako wewe Y hiyohiyo inabeba vitu viwili, umbali wa kwenda nyuma na urefu wa kwenda juu, na hakuna namna hesabu ijue kipi ni kipi. Mimi natenganisha taa mbili pale ukutani, moja yenye kivuli iko chini mguuni mwa ukuta na kwenye `range_item_cull_mask` inagusa sakafu na kuta tu, ya pili haina kivuli, nimeipandisha pikseli 40 juu ya mwali, inagusa wahusika peke yao.

KibandaGemu alijibu:

Mimi sitenganishi, napandisha Height ya ule mwenge mpaka 120 na kidevu kinatulia.

FundiKandili alijibu:

Kinatulia kwa sababu umefanya kila kitu kiwe bapa, rudi kwenye zile namba za Height 200. Ila na yangu ina gharama, kila mwenge umekuwa taa mbili, na ile taa ya pili haina kivuli kwa hiyo mtoto akijificha nyuma ya nguzo bado anawaka.

MchoraPikseli aliandika:

Na kujificha nyuma ya nguzo ndo mchezo wenyewe. Je ile taa ya wahusika ikiwashwa Shadow, halafu nguzo zikapewa poligoni ya pili kwenye tabaka la 3 kwa ajili yake tu, imepandishwa juu pikseli 40 zilezile?

FundiKandili alijibu:

Hiyo sijaijaribu. Kwa nguzo inaweza kukubali kwa sababu ni nyembamba, kwa kuta ndefu naona kivuli kitamkata mtoto kiunoni. Jaribu na nguzo moja kwanza utuwekee picha hapa.

SeleWaUnity aliandika:

Quality ilikuwa Disabled kweli. Distance nimeiacha 3 uso ukawa bapa, nimeshusha 0.8 sura imetoka. Na mimi nina ukuta kama huo nasubiri picha.